Herufi Tatu Zifikapo Kasongo: Utangulizi wa Kutafsiri lol, brb na omg

Kuna uwanja mdogo ambao bado haujapata jina lake katika vyuo vyetu. Kazi yake ni hii. Kuna mazungumzo ya simu yaliyoandikwa kwa Kiingereza, ndani ya riwaya, filamu au tamthilia, na humo watu wawili wanaojuana wanatupiana lol, brb na omg. Wewe unatakiwa uyaandike kwa Kiswahili, na msomaji wako aendelee kuamini kwamba watu hao ni marafiki. Ukikosea, habari yote inaweza kufika salama huku marafiki wenyewe wamegeuka makarani.

Mahali pa kujifunzia nimechagua Kasongo, mji wa kusini mwa Maniema karibu na mto Lualaba, pamoja na jirani yake Kabambare. Sikuichagua kwa sababu vijana wake huandika simu kuliko wengine. Nimeichagua kwa sababu matatizo ya kazi hii yanaonekana pale waziwazi, kila moja likisimama peke yake. Kiswahili kilitia mizizi Kasongo katika miaka ya 1870, Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, alipoufanya mji huo makao ya biashara yake. Mwaka 1893 majeshi ya Wabelgiji yaliutwaa, watawala wakabadilika, lugha ikabaki. Lakini kamati iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji wa Kiswahili ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, Kongo haikuwamo. Basi Kiswahili cha Kasongo kilikwenda njia yake, kikiwa na Kifaransa darasani na ofisini, na Kiarabu chuoni na msikitini. Mtu wa pale akisoma ujumbe wa simu, lugha hizo zote zinamsomea pamoja naye.

Tuanze na lol, maana ndiyo inayowadanganya wengi. Anayefungua kamusi ataambiwa kwamba ni herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya kucheka kwa sauti. Ni kweli kwa asili yake: ilikwisha kuonekana katika maandishi ya mitandao ya kompyuta mwaka 1989. Ila ukisoma mazungumzo halisi utaona kwamba anayeiandika mara nyingi hachekii chochote. Mtu anaandika "nimechelewa lol", "sijala tangu asubuhi lol", "usimwambie mtu lol". Hakuna kichekesho hapo. Mwanaisimu Mmarekani John McWhorter alilieleza jambo hili vizuri mwaka 2013: lol imekuwa kijineno cha kuonyesha kwamba wasemaji wako upande mmoja, kijineno cha kulainisha. Inamwambia mwenzako, usilichukulie neno langu kwa uzito, mimi na wewe ni wamoja. Kicheko cha kweli katika lugha hiyo hiyo huandikwa zaidi kwa sauti yake. Sali Tagliamonte na Derek Denis, walipochunguza mazungumzo ya vijana wa Toronto na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008, walikuta "haha" ikitumika mara nyingi zaidi kuliko lol.

Kwa hiyo swali la kwanza la mfasiri, kila anapokutana na lol, ni hili: hapa inafanya kazi gani? Anacheka, au analainisha? Asipolijibu swali hilo, kila atakachoandika kitakuwa bahati nasibu.

Swali la pili ni gumu zaidi, na Kasongo inatusaidia kuliuliza sawasawa. Ulegevu wa lol unatoka wapi? Wengi hudhani unatoka kwenye ufupi: neno likikatwa, linakuwa la kirafiki. Ndiyo maana jaribio la kwanza la karibu kila mwanafunzi ni kutengeneza ufupisho wake, tuseme KKS kwa "kucheka kwa sauti". Sasa uangalie ufupisho ambao mtu wa Kasongo anaujua tayari. Maniema ndiyo sehemu ya Kongo yenye Waislamu wengi zaidi kwa uwiano, na aliyepita chuoni amekutana na ufupisho wa maneno ya kumsalia Mtume, ambao katika hati za Kiarabu huandikwa kwa herufi chache tu, na katika herufi za Kilatini huandikwa s.a.w. Ni mfupi kama lol, na hakuna maandishi yenye heshima kuuzidi. Kisha utoke msikitini uende mjini. Herufi kubwa zinazosimama pamoja zinasoma FARDC, yaani jeshi. CENI, yaani uchaguzi. MONUSCO, yaani Umoja wa Mataifa. PV, yaani karatasi utakayotia saini mbele ya polisi. Katika Kongo, herufi za mwanzo ni mali ya serikali, ya jeshi na ya mashirika. Mpe kijana wa Kasongo ujumbe unaoishia na KKS, naye atatafuta shirika gani hilo limefungua ofisi mjini.

Ufupi peke yake, basi, hauleti ulegevu. Lol ni ya kirafiki kwa sababu marafiki ndio walioizoea. Hicho ndicho kitu cha kuhamisha: mazoea ya marafiki, popote yalipo katika lugha inayopokea, hata kama hayana umbo la herufi tatu.

Kuna na sababu ya kisarufi inayozifanya herufi za mwanzo zisishike katika Kiswahili, nayo inafaa kuijua kabla ya kuhangaika. Brb ni maneno matatu ya Kiingereza, kila moja likitoa herufi yake. Kiswahili hutia mambo hayo ndani ya neno moja. Katika "nitarudi", ni- ni mimi, -ta- ni wakati ujao, -rudi ni tendo. Ukichukua herufi ya mwanzo unabaki na n, na n hiyo hiyo ndiyo inayoanza nimechoka, ninacheka, nitakula, nakuja, najua. Karibu kila kitu ambacho mtu husema juu yake mwenyewe huanza na herufi moja. Lugha yenye viambishi mwanzoni haiwezi kufupishwa kwa kuokota vichwa vya maneno, kwa maana vichwa vyote vinafanana.

Waandishi wa simu wa Kiswahili waliligundua hili bila kufundishwa na mtu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, wao huondoa irabu: hbr ni habari, lkn ni lakini, asnt ni asante, jmn ni jamani. Njia hii inafanya kazi kwa sababu silabi zetu nyingi ni konsonanti moja na irabu moja, na msomaji aliyekulia katika lugha hurudisha irabu zilizopotea bila kufikiri. Lakini ina ukingo wake, na mfasiri anauona haraka. Andika bb: ni baba au bibi? Andika wt: ni watu, wote, au wetu? Katika mazungumzo halisi mwandikiwa anajua habari zilizotangulia, kwa hiyo hapotei. Msomaji wa riwaya hajui, na mtazamaji wa filamu ana sekunde chache tu kabla maandishi hayajaondoka kwenye kioo. Ushauri wangu ni kwamba irabu ziondolewe katika maneno marefu ambayo hayana mwenzake, kama lakini na habari, na yale mafupi yaachwe kamili.

Njia nyingine ya Dar es Salaam haivuki mpaka wa Kongo kabisa, nayo ni ya tarakimu. Kijana wa Tanzania huandika m2 kwa mtu, k2 kwa kitu, 2taonana kwa tutaonana, kwa sababu tarakimu 2 anaisoma kwa Kiingereza na sauti yake inakuwa "tu". Ataandika pia cjui kwa sijui, akiisoma c kwa jina lake la Kiingereza. Sasa mpe maandishi hayo aliyesomea Kasongo. Tarakimu 2 yeye anaisoma kwa Kifaransa, na sauti yake haina "tu" ndani yake. Waandishi wa simu wa Kifaransa huitumia tarakimu hiyo hiyo kwa kazi nyingine. Wataandika 2m1 wakimaanisha kesho. Na herufi c kwao huitwa "se", hivyo cjui inakuwa "sejui". Anaweza kufumbua, ndiyo, hasa kama ana ndugu Kigoma au Dar es Salaam. Lakini kufumbua si kusoma, na urafiki unaofumbuliwa umekwisha kupoa. Ukiona tafsiri ya mazungumzo imejaa m2 na k2, ujue mfasiri alikuwa na msomaji wa Tanzania kichwani, na kama kitabu kinakwenda Maniema, amekosa anwani.

Basi tunafanya nini? Tuchukue zile tatu moja baada ya nyingine, nami nitaanza na ile ambayo Kiswahili kinaishinda lugha ya asili.

Hiyo ni brb. Ilizaliwa zama za kompyuta ya mezani, mtu alipolazimika kuinuka kitini na kumwacha mwenzake akisubiri upande wa pili. Wafasiri huihangaikia kwa "nitarejea punde" au "narudi baada ya muda mfupi", na kila moja inasikika kama mtangazaji anayekwenda kwenye matangazo. Wakati huo huo, popote Kiswahili kinaposemwa, mtu anayeinuka kwenye benchi, akakupa mgongo na kuelekea mlangoni, husema "nakuja". Anaondoka, anasema anakuja, na hakuna anayeshangaa. Mashariki ya Kongo utalisikia kama "nakuya". Neno hilo linafanya kazi yote ya brb: linasema naondoka, linaahidi kurudi, halitaji muda, na halisemwi kwa mtu unayemwogopa bila kuongezwa adabu. Ni fupi, ni la mdomoni, na lina umri mkubwa kuliko kompyuta.

Lina hatari moja, nayo ni lazima uiangalie kila mara. Kama wale wawili wamekubaliana kukutana, "nakuya" litasomeka kama "niko njiani nakufuata", na hadithi itapinda. Namna ya kutambua ni rahisi: soma mistari kumi iliyotangulia, utafute mahali, saa, au ahadi ya kuonana. Ikiwamo, tia sababu ya kuondoka, "nakuya, mama ananiita", au tumia "ntarudi", ambayo tayari imeangusha irabu yake kama watu wanavyoitamka. Isipokuwamo, "nakuya" peke yake linatosha, na kulifafanua ni kuliharibu.

Omg inadai uangalifu wa aina nyingine. Ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Iliandikwa katika barua ambayo Amirali John Fisher wa Uingereza alimpelekea Winston Churchill mwaka 1917. Katika Kiingereza cha leo herufi zake zimemficha Mungu kiasi kwamba mtu huitamka kwa ajili ya viatu. Kiswahili hakina pazia hilo. "Mungu wangu!" inamtaja Mungu mbele ya kila mtu, na katika mji ambapo jirani mmoja anakwenda misa na mwingine anakwenda swala, jina hilo lina uzito kwa wote wawili. Zuri lake ni kwamba Muislamu na Mkristo hulisema sawasawa. Kwa hiyo liweke akiba. Ikiwa omg imeandikwa na mtu aliyepokea habari ya ajali, "Mungu wangu" ni mahali pake. Ikiwa anayeandika ameona kitambaa kizuri, mshangao wa kila siku unatosha: "Mama!" au "Eeh!", au "kumbe!" kama kilichomshangaza ni kugundua jambo. Tazama pia nani anaandika. "Subhanallah" au "Astaghfirullah" humweka mhusika dini yake papo hapo, na kama mwandishi wa asili hakusema dini ya mhusika, wewe huna ruhusa ya kumsilimisha wala kumbatiza kwa ajili ya neno la mshangao.

Na lol? Inapocheka kweli, Kiswahili kina kicheko chake cha kuandika, "hahaha", ambacho kila anayejua kusoma hukisikia bila kufundishwa. Lugha nyingine zimefanya vivyo hivyo kwa masikio yao: Waspania huandika jajaja, na Wathai huandika 555 kwa sababu tano kwao hutamkwa "haa". Vijana wa Kongo waliosoma Kifaransa wana pia mdr, ambayo asili yake ni kufa kwa kicheko. Mfasiri anayeandikia Kasongo atavutwa nayo, na mimi simkatazi, ila akumbuke inachobeba. Mdr inasema mhusika amesoma, ni kijana, na anataka ijulikane kwamba amesoma. Kwa mwanafunzi wa sekondari ni sawa kabisa. Kwa mama muuza samaki wa sokoni ni vazi la kuazima. Tena isitumike karibu na habari ya msiba. Kicheko chenye kifo ndani yake, hata kama herufi zimekificha, mtu anayejua Kifaransa atakiona.

Lol inapolainisha ndipo kazi ya kweli ilipo. Kiswahili hulainisha kwa njia zake, na mara nyingi njia hizo ni majina ya kuitana. Msichana wa riwaya ya Kiingereza anamwandikia dada yake mkubwa kwamba hawezi kuja, na anamalizia na lol. Lol ile inasema usinikasirikie. Huko Kasongo, mdogo mtu atamwita dada yake "yaya", na kilainisho ni hicho hicho: "siwezi kuya yaya". Kicheko hakipo, herufi tatu hazipo, na bado kazi yote imefanyika, maana kumwita mtu yaya ni kukiri ukubwa wake na haki yake ya kukasirika, na kumwomba asiitumie. Nimeona wafasiri wazuri wakisita hapa kwa kuogopa kwamba wameongeza neno lisilokuwamo. Hawajaongeza. Walikuta kilainisho, wakaweka kilainisho. Kinyume chake kina hasara kubwa: "siwezi kuja hahaha", kwa mdogo mtu mbele ya mkubwa wake, ni dharau. Neno lililotafsiriwa kwa uaminifu wa kamusi limegeuza mapenzi kuwa ufidhuli.

Sasa tufanye kazi yenyewe. Mazungumzo haya nimeyatunga mimi kwa ajili ya mazoezi. Wasichana wawili wa umri mmoja, usiku baada ya harusi. Nimekwisha kuyaweka nusu kwa Kiswahili, nikaacha zile herufi zilipokuwa:

"omg umeona viatu vya bwana harusi"
"lol nimeviona"
"nani alimvalisha vile"
"sijui lol, usimwambie mtu nimesema"
"brb mama ananiita"
"k"

Mstari wa kwanza ni mshangao juu ya viatu, kwa hiyo Mungu aachwe. Tunaandika "Mama! uliona viatu ya bwana arusi". Viatu "ya", ndivyo msemaji wa pale atakavyosema, na upatanisho huo wa mdomoni unafanya kazi ya ulegevu kuliko ufupisho wowote. Alama ya kuuliza haipo katika asili, nasi hatuiweki.

Katika mstari wa pili lol inacheka kweli, kwa kuwa viatu ndivyo kichekesho chenyewe. "hahaha niliona". Wa tatu hauna shida: "nani alimuvalisha vile".

Wa nne ndio mtihani. Lol ile haichekei viatu. Msichana ameingiwa na hofu kidogo kwamba maneno yake yatamfikia bibi harusi, na anaificha hofu hiyo. Ukiandika "sijui hahaha, usiambie mutu nilisema", amekuwa mchokozi anayefurahia umbea. Wanaoandika ni wa umri mmoja, kwa hiyo "yaya" haitufai. Ninachokipendekeza ni kuacha kicheko na kuweka kile kimkia cha sauti ambacho mtu hukiweka mwishoni anapoomba: "sijui miye. usiambie mutu nilisema eeh". Hiyo "eeh" inaomba, inatabasamu, na inaogopa kwa pamoja. Linganisha na "tafadhali usimwambie mtu yeyote", ambayo ina habari ile ile na imewaweka wasichana wawili mahakamani.

Wa tano: "nakuya, mama ananiita". Sababu ilikuwamo katika asili, kwa hiyo hatari niliyoitaja imeondoka yenyewe. Wa sita unaonekana mwepesi, nao una mtego. Herufi moja ya k katika Kiingereza inaweza kuwa ukubali wa haraka, na inaweza kuwa ubaridi wa mtu aliyechukizwa. Ukitazama kilichotangulia, hakuna ugomvi, kwa hiyo ni "sawa" tu. Kama wangekuwa wamegombana, ningeandika "haya" na kukata hapo, kwa kuwa "haya" isiyofuatwa na kitu inafunga mlango.

Utauliza, na ni haki yako: je, kitabu kizima kiandikwe hivi? Hapana, wala mchapishaji hatakubali, maana anataka Kiswahili kimoja kinachouzwa Dar es Salaam, Nairobi na Kindu. Lakini hapa pana nafasi nzuri ambayo wengi hawaitumii. Kongo watu hutofautisha Kiswahili bora, cha kitabu na cha redio, na kile cha nyumbani. Simulizi iandikwe kwa Kiswahili bora, na mazungumzo ya simu kwa kile cha nyumbani. Tofauti kati ya viwili hivyo kwenye ukurasa mmoja ndiyo inayomwambia msomaji kwamba hapa watu wamelegea. Msomaji wa Tanga asiyesema "nakuya" ataelewa kutokana na mstari wenyewe, naye ataisikia Maniema, jambo ambalo si hasara kwake. Tena uandishi unaofuata mdomo si kitu kigeni Kongo. Historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, ambayo Johannes Fabian aliichapisha baadaye pamoja na maelezo, iliandikwa hivyo, na haikuhitaji simu kuwepo.

Kuna mahali ambapo hupaswi kutafsiri kabisa. Mwaka 2012, katika uchunguzi wa hadhara kuhusu magazeti ya Uingereza, mhariri wa zamani Rebekah Brooks alieleza kwamba David Cameron, aliyekuwa waziri mkuu, alikuwa akimalizia ujumbe wake wa simu kwa LOL akidhani ni herufi za upendo mwingi, hadi alipoelezwa kwamba ni za kicheko. Habari kama hii inasimama juu ya herufi zenyewe. Ukiweka "hahaha" umeiua. Acha herufi zilivyo, na uwape wasomaji maana zote mbili ndani ya sentensi, kama nilivyofanya sasa hivi. Vivyo hivyo mhusika wa London anayeandika kwa Kiingereza katikati ya riwaya ya Kiswahili anaweza kubaki na lol yake, kwa kuwa hapo inaonyesha alikotoka.

Limebaki jambo la kupima. Usipime kwa kurudisha tafsiri katika Kiingereza. Njia hiyo huwapa alama za juu wale walioandika "ninacheka kwa sauti", na hao ndio waliokosea. Chukua mazungumzo uliyoyatafsiri, ondoa majina, usimwonyeshe asili, umpe mtu wa Kasongo au Kabambare aliye na umri wa wahusika. Muulize mambo matatu tu: hawa ni nani kwa kila mmoja, yupi mkubwa, na je, kuna aliyekasirika? Usimuulize kama Kiswahili ni kizuri, maana atakujibu kwa adabu. Akisema ni mwalimu na mwanafunzi wake, rudi kwenye vitenzi. Yamkini kuna "nitarejea" imejificha mahali. Akisema mmoja anamdharau mwenzake, tafuta "hahaha" iliyowekwa mahali pa kilainisho. Akisema hawa wamesoma Kinshasa, hesabu mdr zako. Kisha mpe karatasi hiyo hiyo mtu wa umri wa mama yake. Yeye hatakiwi kuona kwamba ni maandishi yake. Anatakiwa tu kuwatambua watoto wa nyumbani kwake wanaposema.

Katika kufanya hivyo utakutana na msomaji atakayekuambia kwamba mambo haya hawayaandiki tena, wanayatuma kwa sauti, na katika sauti mtu hucheka tu. Atakuwa anakuambia kweli. Mwombe akusomee mazungumzo yako kwa sauti kana kwamba anayatuma, nawe uandike kila mahali alipobadilisha neno ulimi ulipokataa. Mabadiliko hayo ndiyo tafsiri yako ya pili.